Moja kwa Sita

Picha ya kwanza asubuhi hiyo iliingia saa tatu na dakika chache, na haikusomeka. Ilionyesha kitu kinachong'aa kama kioo cha gari juani, kidole gumba pembeni, na chini yake pindo la kitenge. Mtoa dawa aliitazama kwa muda mrefu. Aliikuza kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akaisogeza juu, akatua kwenye pembe moja ambayo mng'ao haukuifikia.

"Hapa kuna 'fantrine'," alisema. "Ni mseto. Bado sijajua ni wa nani."

Duka lake ni duka la dawa muhimu, mjini Babati, upande ambao magari ya Arusha yanapinda kuelekea Singida. Wateja humwita daktari, naye kila mara husahihisha: mimi ni mtoa dawa. Wengi wao hawaishi mjini. Wanatoka Magugu, Kiru, Galapo, Dareda, wananunua au wanapewa dawa mahali fulani, wanapanda gari, na maswali yanaanza wakishafika nyumbani, pakiti ikiwa mkononi na mgonjwa kitandani. Ndiyo maana simu yake imejaa picha. Nilikaa naye siku tatu kwenye benchi nyuma ya kaunta, nikimwangalia anavyozisoma.

Manyara ni kati ya mikoa ya Tanzania yenye malaria kidogo. Babati mjini kuna baridi ya mlima, na mbu wengi wako chini huko, kwenye mashamba ya mpunga ya Magugu na bonde la Kiru. Mtoa dawa anasema hilo lina matokeo ambayo mtu wa Kanda ya Ziwa hawezi kuyaona upesi. Huku familia inaweza kukaa miaka miwili bila kushika karatasi ya dawa mseto. Ikiingia nyumbani, inasomwa kama barua ya mgeni. Hakuna mama jirani anayejua kwa kichwa kwamba ya njano ni ya mtoto mdogo na ya kijani ni ya mtu mzima.

Alibonyeza kitufe cha sauti na kumjibu aliyetuma. "Shikamoo bibi. Picha imemeta, sijaona maandishi. Naomba unisaidie hivi. Usiishike mkononi. Ilaze juu ya daftari au kanga isiyo na maua mengi. Toka nje, kaa kivulini, usikae juani. Zima ile taa ya simu. Halafu usipige kwa juu kabisa, inamisha simu kidogo kama mtu anayechungulia kwenye chungu. Piga upande wa vidonge, geuza, piga upande wa bati. Na kama boksi lipo, lipige pia."

Maneno hayo ameyasema mara nyingi hadi yamepata mpangilio wake, lakini hayasemi kwa haraka. Kila sharti lina sababu. Nyuma ya karatasi ya vidonge ni foili, na foili hurudisha mwanga moja kwa moja kwenye simu; ukiinamisha simu, mwanga unaenda pengine na herufi zinabaki. Kanga yenye maua huichanganya kamera, ikatafuta ua badala ya maandishi. Kivuli cha nje kina mwanga mpana usio na makali, mzuri kuliko taa yoyote ya ndani. Na pande zote mbili zinahitajika kwa sababu kila upande unajua nusu ya habari: wa mbele unajua vidonge vingapi vimebaki, wa nyuma unajua ni vidonge gani.

Tukisubiri, alinifungulia albamu yake. Kila pakiti ya dawa ya malaria iliyopita dukani kwake, hata tupu, ameipiga picha mara tatu: mbele, nyuma, na ukingo. Mpya zikiletwa huzipiga kabla hazijapangwa kwenye rafu. Watengenezaji hubadilisha sura za pakiti, huhamisha maandishi, huongeza mchoro wa jua na mwezi, na yeye hutaka kujua sura zote. Kuna Coartem za miaka mbalimbali, kuna Lumartem, kuna Artefan. Majina ya biashara matatu, alisema, na dawa ni ile ile moja. Ndiyo maana huanza na maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa.

Na hapo ndipo nilipoona ufundi wenyewe. Jicho lake huruka jina kubwa kama mtu anavyoruka dimbwi. Linatua kwenye mstari wa chini, kwenye majina mawili yaliyounganishwa kwa alama ya kujumlisha au mkwaju: Artemether + Lumefantrine. Huyasoma yote mawili hadi mwisho, kwa sababu majina ya kundi hili yanafanana. Kuna artemetha, kuna artesuneti, kuna dihaidroartemisinini. Zote zinatokana na mmea mmoja, na kwenye picha yenye ukungu zile herufi 'arte' peke yake hazitofautishi kitu. Jina la pili ndilo linaloamua. Lumefantrini ikiwa ya pili, hii ni ALu, ambayo Tanzania Bara ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006 kama dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali. Piperakwini ikiwa ya pili, huo ni mseto mwingine. Amodiakwini, mwingine tena.

Majina mawili kwenye karatasi moja yapo kwa sababu ya kazi mbili. Artemetha huua vimelea kwa kasi kubwa lakini haikai. Nusu yake inakuwa imeondoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini ni ya polepole, hukaa siku kadhaa, ikimalizia vimelea vilivyoponea. Kwa hiyo homa hushuka mapema kwa kazi ya ile ya kwanza, na mgonjwa akijiona mzima siku ya pili, lumefantrini bado haijajengeka ya kutosha mwilini kuifunga kazi. Mtoa dawa hakunieleza haya kwa maneno ya kitabuni. Alinionyesha picha ya karatasi yenye matundu kumi na sita matupu na vidonge vinane vilivyobaki. "Huyu alipona Jumatano," alisema, "akarudi kuumwa wiki tatu baadaye."

Baada ya majina huja tarakimu, na tarakimu ndizo zinazoumia zaidi kwenye picha. Herufi moja ikipotea, neno bado linasomeka. Tarakimu moja ikipotea, hakuna cha kuiokoa. Nane hugeuka tatu, sita hugeuka sifuri, na mng'ao mdogo tu wa foili humeza ncha ya mbili. Dawa yake ya tatizo hilo ni ya hesabu, na niliipenda tangu aliponionyesha mara ya kwanza.

"ALu ni moja kwa sita," alisema. "Siku zote."

Aliandika kwenye daftari: 20/120. Halafu 40/240. Halafu 80/480. Namba ya kwanza ni miligramu za artemetha, ya pili za lumefantrini, na ya pili lazima iwe ya kwanza mara sita. Akisoma kwenye picha 30/480, anajua bila kuuliza kwamba ile tatu ni nane iliyokatwa na mwanga, kwa sababu thelathini mara sita haifiki huko. Akisoma 40/320, hapo hakuna kosa la macho: arobaini mara nane ni mia tatu na ishirini, na moja kwa nane ni uwiano wa dihaidroartemisinini na piperakwini. Hiyo humezwa mara moja kwa siku kwa siku tatu, haina habari ya asubuhi na jioni. Uwiano peke yake umemwambia jina la dawa kabla herufi hazijaonekana. Huutumia kama fundi saa anavyosikiliza mlio: akiusikia umekosea, anajua kuna jino limeruka.

Picha za bibi, kutoka Magugu, ziliingia, mbili kwa mpigo. Ilibainika kwamba mpigaji ni mjukuu mkubwa, na safari hii alifuata maelekezo yote hadi kivuli. Mtoa dawa alivuta kiti.

Picha ya kwanza: upande wa vidonge. Vidonge vya manjano, vya duara, safu tatu za vidonge vinne vinne. Alihesabu kwa ncha ya kalamu isiyogusa kioo, akaandika 12. Hakuna tundu lililopasuliwa. Picha ya pili: upande wa bati. Majina yote mawili yapo, namba 20/120 zipo, moja kwa sita. Chini ya kila safu kulikuwa na mchoro wa vidonge vinne, na pembeni jua na mwezi. Ukingo mmoja wa karatasi ulikuwa na urembo wa kiwandani, wa duara. Ukingo wa upande wa pili ulikuwa na meno madogo ya mkasi.

Hapo alinyamaza kidogo, akaikuza ile sehemu ya mkasi, akanionyesha.

"Imekatwa. Hii ni nusu ya kijani."

Ili msomaji aone alichokiona, inabidi kueleza pakiti nne. ALu ya kidonge cha 20/120 hutolewa kwa uzito, na dozi kamili ni mara sita katika siku tatu. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge kimoja kila mara, jumla 6. Wa kilo 15 hadi chini ya 25 humeza viwili, jumla 12. Wa 25 hadi chini ya 35 humeza vitatu, jumla 18. Kuanzia kilo 35 na kuendelea ni vinne, jumla 24. Kila kundi limewekewa pakiti yake na rangi yake. Ya njano, ya bluu na ya kijani watu wengi wa afya wanazikumbuka, ile ya vidonge 18 nimeiona katika rangi zaidi ya moja. Pakiti moja, mgonjwa mmoja, dozi moja kamili. Michoro iliyochapwa kwenye bati ni ya mgonjwa huyo tu.

Sasa, pakiti za bluu zikiisha kwenye rafu na mtoto wa bluu akaja, mtoaji hushika mkasi. Vidonge ni vile vile, nguvu ni ile ile. Ishirini na nne ukigawa kwa mbili unapata kumi na mbili, na mtoto amepata idadi yake. Hesabu ya mkasi ni sahihi. Lakini mkasi haukati maandishi. Kipande alichopewa bibi yule kina vidonge kumi na mbili vya mtoto na michoro ya mtu mzima: vinne asubuhi, vinne jioni. Anayefuata picha kwa uaminifu atampa mtoto vinne, vinne, vinne, na karatasi itaisha katika mara ya tatu, siku moja na ushei, badala ya mara ya sita.

Nilimuuliza kama ubaya ni kuzidisha au kufupisha. Alisema yote mawili, lakini linalosahaulika ni la pili. Mwili hauwezi kunyonya lumefantrini bila kikomo kwa mkupuo mmoja. Ukimpa mtu mara mbili hupati mara mbili ndani ya damu. Sehemu kubwa hupita tu. Kwa hiyo mtoto anapata nyingi kuliko anayoweza kuitumia kwa siku moja, kisha hapati kitu siku ambazo dawa ilitakiwa kujengwa.

Na akaongeza jambo ambalo linaonyesha alivyoitazama ile karatasi. Kwenye pakiti hii, kila safu ni mara moja ya kumeza. Mkataji alikata kwa upana, akatenganisha safu tatu za juu na tatu za chini. Angekata kwa urefu, katikati ya safu, kila safu ingebaki na vidonge viwili, na safu zingekuwa sita. Mchoro ungekuwa bado na vidonge vinne, lakini mkono wa bibi ungekutana na viwili viwili, mara sita, kama inavyotakiwa. Mkasi ule ule, dakika ile ile, tofauti ni mahali pa kuanzia kukata.

Alipiga simu. Sauti ya bibi ilisikika hadi kwenye benchi langu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeona?"

"Nimeona, picha nzuri sana. Mpe pongezi kijana. Mtoto ana miaka mingapi?"

Minne na miezi. Je, alipimwa? Alipimwa, walimtoboa kidole, wakasema ni malaria. Anakunywa? Anakunywa. Ametapika? Jana mara moja, leo hapana. Hajapata degedege, hajalegea, anajibu akiitwa? Anajibu, ameomba uji. Maswali haya aliyauliza kwa sauti ya mazungumzo, lakini kalamu ilikuwa imesimama hewani muda wote. Jibu moja baya kati ya hayo, na picha zote zingewekwa kando, safari ingekuwa ya kituo cha afya, kwenye sindano ya artesuneti, na karatasi ya vidonge isingekuwa na kazi siku hiyo.

"Kadi ya kliniki ipo? Naomba kijana aipige picha, ule ukurasa wenye mstari wa uzito."

Kadi ilikuja. Doa la mwisho lilikuwa la wiki sita zilizopita, kilo 16 na nukta nne. Aliandika 16.4, akafikiri, akaniambia kwa sauti ya chini: hata kama ugonjwa umempunguza nusu kilo, au kilo nzima, bado yuko juu ya 15. Ingekuwa 15.2 angemwomba bibi ampeleke akapimwe upya, kwa sababu mpaka wa pakiti unapita hapo hapo. Hapendi kukadiria uzito kwa umri. Amewaona watoto wa miaka mitano wa kilo kumi na tatu.

Kwa hiyo: vidonge viwili, mara sita. Idadi iliyomo mkononi inatosha kabisa, kumi na mbili, bila kubaki hata kimoja. Kilichobaki ni saa.

Hapa kuna mtego ambao ni wetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Utaratibu wa ALu ni kwamba dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza, ya tatu saa ishirini na nne baada ya ya kwanza, kisha zinazofuata kila baada ya saa kumi na mbili. Pakiti nyingine huandika saa 0, 8, 24, 36, 48, 60. Mtu akisikia "saa nane" anaona jua la mchana. Mtoa dawa amekutana na baba aliyempa mwanawe dozi ya kwanza saa tatu asubuhi na ya pili saa nane mchana, kwa kuwa ndivyo alivyoelewa maandishi, na hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa ameweka kengele ya simu. Tangu hapo hasemi "saa nane" kwa mteja. Walimu wa lugha wamsamehe, anasema masaa manane, na mara nyingi haachi hata hayo. Anageuza kila kitu kuwa saa ya ukutani.

Alimuuliza bibi saa hizi ni saa ngapi. Saa nne kasoro. Basi ya kwanza iwe saa nne kamili. Nne na nane ni kumi na mbili: ya pili ni saa kumi na mbili jioni, jua likizama. Kesho ni saa nne asubuhi na saa nne usiku. Keshokutwa, saa nne asubuhi na saa nne usiku. Aliyaandika kwenye karatasi nyeupe kwa herufi kubwa, mistari sita, mbele ya kila mstari akachora miduara miwili, akaipiga picha karatasi hiyo na kuituma. Kisha akamwomba kijana achukue kalamu ya wino na afute michoro ya vidonge vinne iliyo kwenye bati, yote mitatu, ili mtu mwingine wa nyumbani akiishika asiifuate.

"Vile viwili unavisaga kwa vijiko viwili, bibi, unatia maji kidogo, anakunywa, halafu maziwa."

"Uji hautoshi?"

"Uji tia maziwa ndani. Au karanga zilizosagwa. Dawa hii inapenda mafuta. Akitapika kabla saa moja haijapita, nipigie, ile dozi inarudiwa."

Kuhusu mafuta hatanii. Lumefantrini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Chakula chenye mafuta mengi kinaweza kuongeza inayoingia mwilini hadi mara kumi na sita ukilinganisha na tumbo tupu. Hilo halimo kwenye picha ya pakiti, au limo kwa herufi ambazo simu haiwezi kuzifikia, na yeye hulisema kila mara kana kwamba limechapwa kwa wino mwekundu.

Mchana, kaunta ilipopoa, alinionyesha jozi moja ya picha anayoitumia kumfundisha msichana anayemsaidia dukani. Picha mbili za upande wa mbele, kila moja ina karatasi ya vidonge sita vya manjano. "Ipi ya mtoto?" aliniuliza. Nilizitazama kwa muda. Moja ilionekana na vidonge vikubwa kidogo, lakini picha haina rula. Kidonge kikubwa kilichopigwa kwa mbali na kidogo kilichopigwa karibu ni kimoja. Nilikisia, nikakosea.

Aligeuza. Nyuma ya moja: 20/120. Nyuma ya nyingine: 80/480. Vyote ni sita kwa sababu vyote ni dozi sita, kidonge kimoja kila mara. Lakini sita vya kwanza ni vya mtoto wa kilo kumi, na sita vya pili ni vya baba yake. Kimoja cha baba kina dawa ya vinne vya mtoto. Kiwanda kiliunda kile cha 80/480 kumpunguzia mtu mzima mzigo wa kumeza vinne vinne, na kwa kufanya hivyo kikatengeneza karatasi mbili zinazofanana idadi. Mtu mzima akimeza za mtoto atapata robo ya dawa na kuamini amemaliza. Mtoto akipewa za mtu mzima atapata mara nne. Ndiyo maana picha ya mbele peke yake haijibu. Mtu akimtumia hiyo tu na kuuliza "nimeze kimoja?", hasemi ndiyo wala hapana. Anasema: geuza.

Jambo la mwisho analolitafuta kwenye picha ni tarehe ya kuisha muda, nalo lina ufundi wake. Kwenye boksi imechapwa kwa wino. Kwenye karatasi yenyewe mara nyingi haina wino kabisa. EXP, mwezi na mwaka vimegandamizwa tu kwenye ukingo, alama za kushika kwa ukucha. Kwa mwanga wa kutoka juu hazionekani. Alichukua karatasi tupu kutoka kwenye droo, akaiweka mezani karibu na mlango, akaizungusha taratibu hadi mwanga wa mlangoni ukaja kwa ubavu, karibu kulala juu ya meza. Kila herufi ikaota kivuli chembamba upande mmoja. Tarehe ikasomeka yote, pamoja na namba ya toleo. Alipiga picha mbili, akaacha simu itulie kati ya moja na nyingine.

Kipande cha bibi wa Magugu kilikuwa na ukingo wa kiwandani, kile ambacho mkasi haukukigusa, na bahati ilikuwa kwamba tarehe iligandamizwa upande huo. Nusu ya pili, iliyoenda kwa mtoto mwingine au iliyobaki rafuni kwa mkataji, haina tarehe wala namba. Hakuna picha itakayoisoma. Mtoa dawa akilazimika kukata, huandika tarehe na namba ya toleo kwa kalamu isiyofutika juu ya plastiki ya nusu iliyobaki, kisha hufuta michoro isiyomhusu anayepewa. Inachukua dakika tatu. Nilimwangalia akifanya hivyo na karatasi tupu kunionyesha, na mkono ulienda polepole vile vile kama kulikuwa na mgonjwa mbele yake.

Nilirudi siku ya tatu jioni. Umeme ulikuwa umekatika upande ule wa mji, na alikuwa anafunga mahesabu kwa taa ya sola. Saa mbili na nusu usiku simu iliwaka. Ilikuwa picha kutoka Magugu, imepigwa ndani, kwa taa, na bado ilisomeka: kijana alikuwa ameinamisha simu. Kwenye daftari kulikuwa na kile kipande, upande wa vidonge, matundu kumi yamepasuka, foili imechanika kwa nje, na pembeni vidonge viwili vya manjano bado vimo. Chini yake mtu alikuwa ameiweka ile karatasi nyeupe ya mistari sita, iliyonakiliwa kwa mkono kutoka kwenye simu. Mistari mitano ilikuwa imepigwa alama.

Alihesabu kwa ncha ya kalamu, kumi, akahesabu tena. Akatazama saa ya ukutani. Akabonyeza kitufe cha sauti. "Asante sana. Hivyo viwili ni vya saa nne. Asilale kabla, na maziwa msisahau."

Kisha akaihifadhi picha kwenye albamu, baada ya ile ya siku ya kwanza yenye ukingo wa meno ya mkasi, akarudi kwenye mahesabu yake.